Somo yangu wa Iringa

Assalaam aleikum, somo.

Nimeandika mara tatu nikafuta. Hii ya nne naituma ilivyo.

Jumamosi nahamia Kiwayu. Mjomba amenikabidhi mashua na nyavu, na kaskazi haimngoji mtu. Mtandao kule huja na kuondoka. Lakini nisiusingizie mtandao: nikitoka baharini nitakuwa hoi, samaki wanataka barafu, na mtoto wa miezi miwili halali. Kule kukesha kwetu tukiandikiana hadi saa saba kumekwisha.

Miaka mitatu! Wewe ndiye uliyenijulisha kuwa kuna watu wanaojifunika blanketi mbili mwezi wa Julai. Nami nilikueleza jinsi mafundi wa Matondoni wanavyotia kalafati, pamba yenye mafuta ikishindiliwa baina ya mbao, ukauliza kwa nini wasinunue tu chombo cha plastiki. Nilimsomea mjomba. Hajakusamehe.

Na usiku ule ulipofiwa na baba. Sikuwa na la kukwambia, nikabaki nawe hadi adhana ya alfajiri. Tangu hapo sikukuhesabu mtu wa kwenye simu tena.

Basi usingoje majibu ukahesabu siku. Idi nitakuletea salamu, inshallah. Ukifaulu mtihani wa uuguzi, niandikie hata neno moja, nitalikuta. Na ukishuka gatini Lamu, ulizia nyumba ya mjomba pale Langoni. Samaki wa kupaka nadaiwa.

Nisalimie mama.

Somo yako wa Amu