Semi za kumtuliza shangazi aliyekosa kiti cha wadi

Shangazi, pole sana. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nawe ulimpigia simu aliyeshinda, ukampa hongera kabla wafuasi hawajaanza kurushiana maneno. Hilo limenigusa kuliko hotuba zako zote.

Kura hukosekana; heshima hubaki kwa aliyeitunza. Waliokuchagua ni watu, usiseme umetoka mikono mitupu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwai Kibaki aliwania urais 1992 akashindwa, 1997 akashindwa tena, 2002 akaapishwa. Miaka kumi, shangazi! Wewe ndiyo kwanza umeanza.

Kuteleza si kuanguka. Pumzika, ulipe deni la mahema, kisha uwazungukie maajenti wako: mkono ulioomba kura ndio uleule wa kutoa asante.

Na mjomba, aliyekosa tenda ya barabara kaunti, mwambie hivi: zabuni hufungwa, ufundi haufungwi. Aombe kuelezwa sababu kwa maandishi, arekebishe bei zake. Bandu bandu huisha gogo.

Jumapili nakuja, tupitie matokeo kituo baada ya kituo.