Kile Mlichokiita Mkoba Ni Kifumbu cha Kukamulia Tui

Tanga, 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata pamoja na picha mbili ulizozipiga katika jumba la makumbusho unakofanyia mafunzo yako ya kazi. Umeniuliza kama kile kifuko cha ukindu kilichomo katika picha ya kwanza ni mkoba wa mwanamke wa kuwekea tambuu, kama karatasi iliyobandikwa chini yake isemavyo. Sivyo. Hicho ni kifumbu, chombo cha jikoni cha kukamulia tui la nazi, na mimi mwenyewe nimekitumia katika jiko la bibi yako tangu nilipokuwa sijui hata kuwasha moto.

Simlaumu aliyeandika ile karatasi. Mtu asiyewahi kuona nazi ikikunwa akipewa kifuko kidogo cha mviringo, kilichosukwa vizuri, chenye utanzi mmoja ubavuni, atafikiri kilivaliwa begani au kilining'inizwa kiunoni. Lakini picha uliyoipiga kwa karibu ina mambo manne yanayomkana, na ningependa uyatazame mwenyewe kabla hujaniamini, kwa sababu wakubwa wako watakuuliza umejuaje, na jibu la kwamba shangazi yangu amesema halitawatosha.

La kwanza ni rangi. Mkoba, kama mikeka ya kutandika na kama vijamanda vya kutilia vitu vidogo, mara nyingi husukwa kwa ukindu uliotiwa rangi, kwa kuwa ni kitu cha kuonekana na mwenye nacho hutaka kisifiwe. Kifumbu hakitiwi rangi hata kidogo. Ukindu wake huachwa ulivyo, kwa sababu rangi yoyote ingeingia katika tui na kutoka hapo katika wali. La pili ni ule weusi uliouona upande wa chini na kuudhania kuwa ni uchafu wa ghalani. Ni mafuta ya nazi yaliyokolea katika ukindu kwa miaka ya kutumika, na utaona kwamba karibu na mdomo, ambapo chicha, yaani makapi ya nazi, haifiki, ukindu umebaki na rangi yake ya majani makavu. La tatu ni utanzi. Utanzi wa namna ile, mmoja na mfupi, haubebeki begani. Ni wa kutundikia kwenye msumari au kwenye ukuni wa ukutani ili kifumbu kikauke.

La nne ndilo kubwa, nalo linahitaji maelezo marefu kidogo. Tazama jinsi nyuzi za ukindu zinavyokwenda: hazishuki wima wala hazilali mlalo, bali zote zimekwenda mshazari na kukatana. Ususi wa namna hiyo una tabia moja ambayo kitambaa kilichofumwa hakina kwa kiasi hicho. Ukishika mdomo kwa mkono mmoja na tako kwa mkono wa pili, kisha ukavuta na kusokota, nyuzi husogeleana na kifuko chote hujibana, kikawa chembamba na kirefu. Kilichomo ndani hubanwa kutoka pande zote kwa pamoja, si mahali vidole vilipogusa tu. Ukiachia, kinarudi kuwa kifuko. Umeniandikia kwamba katika chumba cha pili cha makumbusho hayo kuna bomba refu la ususi kutoka kwa wenyeji wa Amazoni, la kukamulia maji ya sumu katika muhogo mchungu, na ukauliza kama vitu hivi viwili ni ndugu. Kwa asili si ndugu, maana bahari kubwa iko katikati, lakini kazi imewafundisha wasusi wa pande zote mbili jambo lile lile. Hapo macho yako yameona vizuri.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kwa kuwa kifumbu peke yake hakina maana; ni mwisho wa safari inayoanzia mbali. Nazi kavu kwanza hufuliwa kwenye kifuo, mti uliochongwa ncha na kusimikwa ardhini, mpaka makumbi yote yatoke. Kisha huvunjwa katikati kwa kupigwa mgongo wa panga, na maji yake hunywewa na mtoto aliyesimama karibu zaidi. Baada ya hapo huja mbuzi ya kukunia nazi. Na hapa, mwanangu, ndipo nilipocheka peke yangu, kwa sababu katika picha yako ya pili, katika kabati jingine kabisa, nimeiona mbuzi imesimama na karatasi inayosema kwamba ni kigoda cha kukunja chenye pambo la chuma. Lile pambo ndilo ulimi wenye meno! Kweli mkunaji huikalia kama kigoda, ubao ukiwa chini yake na ulimi ukiwa umetokeza mbele, akashika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno, huku nazi ikidondoka katika sinia au chano kilichowekwa chini. Mbuzi bila kifumbu ilikuwa nusu ya chombo katika majiko yetu, na ninyi mmevitenga katika makabati mawili.

Nazi iliyokunwa humwagiwa maji ya vuguvugu, machache mno kwa mkamuo wa kwanza, kisha hufinyangwafinyangwa kwa mkono mpaka maji yageuke meupe. Hapo hutiwa katika kifumbu, lakini si mpaka juu. Hujazwa kama nusu, ili ibaki nafasi ya kusokota. Kifumbu chenyewe lazima kiwe kimeloweshwa kabla, kwa sababu ukindu mkavu ukisokotwa hukatika, na ukindu uliolowa hulainika na kutii. Mkamuaji husokota mdomo, huinua kifumbu juu ya bakuli na kukiminya, na tui hutoka kwenye matundu ya ususi kama jasho, kisha kama mvua. Hilo la kwanza ndilo tui zito, ambalo wengine huliita kasimile. Huwekwa kando na kufunikwa. Chicha iliyobaki hurudishwa katika bakuli, hutiwa maji mengi zaidi na kukamuliwa tena mara ya pili, na kwa wenye kubana matumizi, mara ya tatu. Hayo ndiyo matui mepesi.

Watu wa makumbusho huenda wakauliza kwa nini kulikuwa na haja ya kuyatenga, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini kifumbu kilithaminiwa. Chakula cha nazi hupikwa kwa matui yote, lakini si kwa wakati mmoja. Mchuzi wa samaki, kisamvu au maharage hutangulia kuiva kwa tui jepesi, ambalo linastahimili moto. Tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mpishi hulikoroga bila kupumzika mpaka litokote, kwa sababu likiachwa hukatika, mafuta yakaelea upande wake na maji upande wake. Sasa chukua kifumbu kibovu, kilicholegea au kilichotoboka: chicha hupita ndani ya tui, na mchuzi unakuwa na makapi yanayokwama kooni. Nakumbuka bibi yako alikuwa akimjua mkwe mvivu kwa kuonja kijiko kimoja tu. Sitaji ni mkwe gani.

Baada ya kazi, kifumbu hupinduliwa ndani nje, hukung'utwa, husuguliwa kwa maji na kutundikwa juani mara moja. Tui huchacha upesi katika joto la pwani, na kifumbu kilicholala na chicha usiku kucha kitatia harufu katika tui la kesho. Ndiyo maana utanzi ulikuwa lazima, na ndiyo maana vifumbu vilikuwa vikitundikwa mahali penye upepo, si kufungiwa kabatini kama mlivyokifungia ninyi. Chicha nayo haikutupwa. Ilikuwa ya kuku.

Kwa habari ya usukaji nitakuambia kwa ufupi. Ukindu hutoka katika mkindu, mtende mwitu unaopenda penye maji. Majani machanga hukatwa, hukaushwa, huchanwa kwa upana unaotakiwa na kusukwa. Kazi hii kwa huku kwetu ilikuwa ya wanawake, na msusi wa vifumbu hakuwa lazima awe msusi wa mikeka, kwani kifumbu hutaka mkono wa kupima: ususi uliokazwa mno hautoi tui, na uliolegezwa mno hutoa chicha. Kile cha picha yako, kwa kadiri ninavyoona, ni cha mkono mzuri. Kwa kipimo ulichoniandikia cha sentimita 22, kingetosha nazi mbili kwa mkupuo, yaani kilikuwa cha nyumba na si cha mpishi wa harusi.

Kilichokiondoa jikoni si jambo moja. Machujio ya plastiki ya dukani ni rahisi na hayahitaji kuloweshwa. Wengine hukamua kwa kiganja kisha wakachuja kwa kitambaa. Wengine husaga nazi kwa blenda. Mimi mwenyewe ninatumia chujio siku za kawaida, sitakudanganya. Hata hivyo chujio huchuja tu. Halikamui, na nguvu yote inabaki kuwa ya vidole, ndiyo maana chicha ya siku hizi mara nyingi hutupwa ikiwa bado na utamu wake.

Ukitaka maneno ya kuwapa badala ya ile karatasi, wape haya: "Kifumbu. Kifuko cha ukindu usiotiwa rangi, kilichosukwa kwa mshazari, cha kukamulia tui kutoka katika nazi iliyokunwa kwa mbuzi. Chombo cha jikoni, pwani ya Afrika Mashariki. Weusi wa upande wa chini ni mafuta ya nazi, usisafishwe." Hilo la mwisho usiliache, kwa sababu mtu mwenye bidii akikiosha kwa sabuni atakuwa amefuta ushahidi ulio wazi kuliko wote. Na uwaombe, kama inawezekana, mbuzi ihamishiwe katika kabati hilo hilo, ulimi wake ukielekea upande wa kifumbu.

Jambo moja bado nalihitaji kutoka kwako. Picha zote mbili zimepigwa kwa mbele. Ukiruhusiwa kukigusa kifumbu, kigeuze na unipigie picha ya tako, mahali ususi ulipofungwa, kwa kuwa wasusi walikuwa na namna zao za kumalizia, na nadhani nikiuona mwisho wake nitaweza kukuambia kama mkono huo ulifundishwa upande wetu huu au visiwani.

Wasalaam,
Shangazi yako