Maneno ya kitabu chekundu cha kliniki: kwa wazazi wapya wa Leicester

Hongereni tena, wanangu, Mungu amkuze. Zile picha za kurasa za kitabu cha mtoto mlizonitumia, mkiwa mmezungushia duara maneno yaliyowatatiza, nimezipitia zote. Kitabu chenyewe kisiwatishe. Ni kadi ya kliniki kama ya kwetu Tanga, ila kimenenepa na kuvikwa jalada jekundu. Maneno nimeyaandika jinsi manesi wa hapa Uingereza wanavyoyatamka, kwa kuwa mengi mtayasikia kabla hamjayasoma.

Anayewajia nyumbani na mizani ni helthi vizita. Huyu ni nesi aliyesomea afya ya watoto na familia, na huja mara ya kwanza mtoto akiwa na siku 10 hadi 14. Mkwe wangu, najua ulikunja uso uliposikia serikali inatuma mtu nyumbani. Haji kukagua sebule. Ataangalia mtoto ananyonyaje, analala wapi, na mama yake ana hali gani. Akikuuliza, mwanangu, kama unalia ovyo au huna hamu ya kitu, usimjibu "salama tu" kwa adabu. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa na una tiba, na ukificha hakuna wa kukuona.

Sentaili ni ile mistari iliyopinda kwenye chati ya uzito. Iko 9, wa chini kabisa ni 0.4 na wa juu ni 99.6. Mtoto akiwa kwenye mstari wa 25, maana yake ukiwapanga watoto 100 wa umri wake, 25 ni wepesi kuliko yeye na 75 ni wazito zaidi. Si maksi za mtihani, na 25 si kufeli. Binti yenu alizaliwa na kilo 3.1, yuko karibu na mstari huo, basi atakuwa akiufuata huo. Kinachoangaliwa ni asiporomoke kutoka mstari mmoja kwenda wa chini, kisha wa chini tena. Na msiseme chati hii ni ya Wazungu: Shirika la Afya Duniani liliitengeneza kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Marekani na Oman. Wa Maskati wamo, na wa Accra wamo.

Kushuka hadi kilo 2.9 siku ya 5 ni kawaida. Watoto wengi huwa wamerudi kwenye uzito wa kuzaliwa wakifika wiki 3. Baada ya hapo msimbebe kila wiki kwenda kumpima. Mara moja kwa mwezi inatosha mpaka miezi 6, labda nesi aseme vinginevyo. Mizani ya kila siku huleta wasiwasi, na wasiwasi huleta chupa ambayo mtoto hakuihitaji.

Kuna ukurasa wenye mchoro wa mwili wa mtoto. Hapo ndipo pa kuandikwa lile baka la bluu-kijivu lililo juu ya makalio yake. Watoto wetu wengi huzaliwa nalo, haliumi, na hufifia lenyewe na miaka. Lakini mtu asiyelijua anaweza kudhani ni vilio la damu, kwamba mtoto kapigwa. Mwambieni mkunga au nesi alichore na kuandika tarehe. Kati ya yote niliyoandika humu, hili lifanyeni wiki hii.

Jondisi ni umanjano. Kwa ngozi yetu msitazame uso, tazameni weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Umanjano ukionekana ndani ya saa 24 za mwanzo ni dharura. Ukianza siku ya 2 au ya 3 kwa kawaida hupungua wenyewe, ila bado mkunga aambiwe, na ukipita siku 14 apimwe damu. Kumwanika juani asubuhi, kama bibi anavyosisitiza kwa simu, si tiba yake. Akihitaji tiba ya mwanga, hospitali wana taa maalumu.

Riflaksi ni kucheua tu. Mtoto anayecheua maziwa huku akinenepa, leteni kitambaa, hana neno.

Sasa koliki, ambayo naona mmeizungushia duara mara mbili. Ni kile kilio cha mtoto mzima, aliyeshiba, asiye na homa, analia zaidi ya saa 3 kwa siku, siku 3 au zaidi katika wiki. Anakunja magoti, anakuwa mwekundu, anajamba, tumbo limekaza. Kwetu wanasema ana mchango. Huanza wiki za mwanzo, huzidi kwenye wiki ya 6 hivi, na wengi huacha wakiwa na miezi 3 au 4. Sababu yake madaktari hawajaikamata. Si maziwa yako kuwa mabaya, wala si pilipili uliyokula kwenye pilau ya arobaini.

Msaada ni wa mikono: mpakate wima akinyonya, mcheulishe, mbebe kifuani, mwogeshe maji ya vuguvugu, mbembeze taratibu kwenye kigari. Baba naye ashike zamu ya usiku, kilio hakichagui jinsia. Mkizidiwa, mlazeni chali kitandani mwake, tokeni chumbani dakika chache mpumue, kisha rudini. Kamwe mtoto asitikiswe kwa hasira, ubongo wake ni laini mno.

Najua kuna kifurushi kimekuja na mgeni kutoka Tanga. Mvuje msimnyweshe, na kuufunga kwa uzi shingoni ni hatari ya kumkaba. Wanja usimguse machoni, maana mwingi una risasi, ile madini ya sumu. Asali hapana mpaka atimize mwaka, hata ya kulamba kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Halwa kuleni nyinyi.

Kilio kisicho koliki ni hiki: kimebadilika na kuwa chembamba na dhaifu, au kinaambatana na matapishi ya kijani, damu kwenye choo, au utosi uliovimba. Homa ya 38 kwa aliye chini ya miezi 3 haingoji kukuche. Pigeni 111, simu ya ushauri wa afya, na akiwa hapumui vizuri au haamki, 999 ya dharura. Mnaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kwenye 111, semeni tu "Swahili" na mngoje.

Wining ndiyo inayokoroga Waswahili kuliko yote. Ukiitafuta kwenye kamusi utaambiwa ni kuachisha ziwa. Kwenye kitabu hiki maana yake ni kumwanzishia mtoto chakula, na ziwa linaendelea. Nilikuwa nakalimani kliniki moja, akaja mama wa Likoni, mtoto miezi 5 na ushee. Nesi akatamka neno hilo, yule mama akamvuta mtoto kifuani: "Nimwachishe ziwa? Huyu? Hebu mtazame!" Mtoto hata hakugeuka, ananyonya kwa vishindo. Nesi akabaki haelewi amekosa nini.

Wakati wake ni miezi 6 hivi, kwa binti yenu ni mwanzoni mwa Agosti. Dalili zije tatu kwa pamoja: anakaa na shingo haiyumbi, anaona chakula, anakikamata na kukifikisha mdomoni mwenyewe, na anameza badala ya kukisukuma nje kwa ulimi. Kutafuna ngumi si dalili, wala kuamka usiku. Anzeni na kijiko kimoja au viwili mara moja kwa siku: kiazi kitamu kilichopondwa, parachichi, boga, ndizi, dengu laini. Chumvi na sukari visitiwe. Uji aulishwe kwa kijiko, usitiwe kwenye chupa.

Ule unga wa lishe wenye mahindi, ulezi, soya na karanga ni mzuri, lakini usianze nao. Akitokwa vipele hamtajua ni kipi kati ya vinne. Karanga iliyosagwa laini, yai, samaki, kila kimoja kipewe siku yake, kidogo, tena asubuhi ili mwone mchana. Msivikwepe vilevile, kuchelewesha karanga na yai kunaweza kuongeza hatari ya mzio. Karanga nzima asipewe mpaka atimize miaka 5, zinakaba. Maziwa ya ng'ombe ya kunywa nayo asipewe mpaka atimize mwaka. Na matone ya vitamini D apewe kila siku tangu sasa, maana ananyonya ziwa na jua la Leicester mnalijua.

Imyunaizesheni skedyuli ni ratiba ya chanjo. Kwa aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2026, wiki 8 zinaangukia 31 Machi, wiki 12 ni 28 Aprili, wiki 16 ni 26 Mei. Barua ya miadi itatoka kwa daktari wenu wa familia, hivyo hakikisheni mtoto ameandikishwa huko mapema.

Mara ya kwanza atapata sindano ya sita-kwa-moja, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio, Hib na homa ya ini B. Atapata pia MenB ya uti wa mgongo, na matone ya mdomoni ya rota ya kuhara. Wiki 12 ni hizohizo. Wiki 16 ni sita-kwa-moja tena, na PCV ya nimonia. Akitimiza mwaka anapata MMRV, yaani surua, matubwitubwi, rubela na tetekuwanga, pamoja na busta, dozi ya kuongezea nguvu, za PCV na MenB. Miezi 18, Agosti 2027, ni MMRV ya pili na sita-kwa-moja ya nne. Kisha, ukiacha chanjo ya mafua ya kila mwaka kuanzia miaka 2, anapumzika mpaka miaka 3 na miezi 4.

MenB huleta homa, kwa hiyo baada ya wiki 8 na wiki 12 mtaambiwa mumpe parasetamoli ya watoto wachanga: mililita 2.5 mara tatu, ya kwanza mara tu baada ya chanjo, zikiachana saa 4 hadi 6. Yale matone ya rota hutoka na choo, basi osheni mikono vizuri baada ya kubadilisha nepi. Kuhusu jelatini ya nguruwe, mkwe wangu: baadhi ya chanjo za MMRV zinayo, na ipo isiyo nayo. Pigeni simu kliniki siku kadhaa kabla ya miadi muombe hiyo, msisubiri kubishana mlangoni.

BCG, chanjo ya kifua kikuu, hamtaiona kwenye orodha, kwa sababu hapa hawampi kila mtoto. Binti yenu anastahili kwa kuwa wazazi wake wamezaliwa Tanzania. Hutolewa akiwa na siku 28 au muda mfupi baadaye, matokeo ya damu ya kisigino ya siku ya 5 yakishaangaliwa. Barua isipofika, ulizeni.

Na kama bado mna nia ya kumpeleka Tanga Desemba kwa bibi, atakuwa na miezi 10. Surua ya Tanzania hutolewa miezi 9, ya hapa mwaka, kwa hiyo atasafiri bila kinga hiyo msiposema. Muoneni nesi wa daktari wenu Oktoba, mumwambie safari, muombe dozi ya mapema na dawa ya malaria. Dozi hiyo ya surua haihesabiwi kwenye ratiba, mbili za kawaida zitabaki palepale. Kitabu kipakieni kwenye begi la mkononi, si la kupakia chini ya ndege, na chanjo yoyote atakayopata hospitali ya Bombo iandikwe humo na kupigwa muhuri.