Samahani ya Jana: kwa Baba Neema, kisha kwa Mwalimu

Baba Neema, habari za asubuhi. Poleni na uchovu wa sherehe. Najua bado mnasugua masufuria, ndiyo maana sijapiga simu.

Jana niliharibu. Mlinialika kwenye kipaimara cha mtoto nikanywa kama niko baa, nikampokonya MC maiki wakati ndafu inakatwa, nikamtukana mgeni wako mbele ya mkweo. Ulipokuja kunishika mkono kwa upole, nikakusukuma. Mengine Mama Kelvin amenisimulia alfajiri, ila haya nayakumbuka mwenyewe. Hakuna aliyeninywesha.

Mwenye viti na vyombo akija kuhesabu, glasi zilizovunjika ni zangu. Nitajie kiasi nikutumie, na tafadhali usipunguze kwa kunionea haya. Neema nataka nimwombe radhi ana kwa ana, kama wewe na mama yake mtaridhia. Mkiniita jioni ya leo nitakuja; mkisema bado, nitangoja. Mwalimu namwandikia sasa hivi. Sikuombi unisemee kwake.

Baba Kelvin

—

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Baba Kelvin, yule wa jana mwenye shati la kitenge, mweka hazina wa kamati. Namba yako nimepewa na Mama Neema. Nisamehe kwa kukuandikia bila hodi.

Nilisema kwenye maiki kwamba umekuja kula bila kuchanga, na kwamba walimu mmezoea vya bure. Niliangalia daftari langu la michango, jina lako sikuliona, basi nikajifanya hakimu. Asubuhi hii ndipo nimeambiwa kuwa yule mbuzi wa ndafu ulimtoa wewe, ukamsafirisha kutoka Marangu. Yaani nilikutukana huku nikitafuna mchango wako.

Lakini hata usingetoa chochote, ulikuwa mjomba wa mtoto na mgeni wa nyumba ile. Sikuwa na haki ya kukusema. Na lile la ualimu halikuhusiana na mchango hata kidogo, lilikuwa dharau tupu. Wanangu wamefundishwa kusoma na walimu kama wewe. Naomba unisamehe, Mwalimu. Najua uliondoka kabla ya keki, na mkeo hakula.

Nilikutukana mbele za watu, kwa hiyo ukiniruhusu nitaandika kwenye grupu la kamati kwamba nilisema uongo na kwamba ndafu ilikuwa yako. Kama unaona hilo litachokonoa tu kidonda, sitaandika neno. Naweza pia kuja kuwaomba radhi wewe na mkeo hapo mlipofikia, kabla hamjarudi Moshi, nikiwa na Mama Kelvin.

Kama hujisikii kunijibu, usijilazimishe. Mpe tu mkeo ujumbe huu ausome.