Kodi ya Mbalamwezi: andiko la tamthilia ya sehemu 6

Kwa Idara ya Vipindi. Kila sehemu dakika 45. Lugha ni Kiswahili cha Mwanza, na Kisukuma pale mtu anapokasirika au anapoongea na mama yake.

WAZO
Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, mitumbwi inapumzika na soko la samaki la Mwaloni Kirumba linapoa. Hapo hela inakata: bodaboda anakosa abiria wa alfajiri, mama ntilie anapunguza mchele. Kodi ya nyumba haiangalii mwezi. Hadithi nzima inakwenda giza mpaka giza.

WAHUSIKA
Vijana watatu wamepanga Mabatini, nyumba iliyo juu ya mawe, maji yanapandishwa kwa ndoo.

Kabula (24), kibarua kiwanda cha minofu ya sangara. Kila asubuhi anajulia getini kama kazi ipo. Ndiye mtunza daftari la kodi, na hapendi kuonewa huruma.

Shija (27), bodaboda ya mkataba, bado miezi miwili iwe yake. Mwongo anayependeka.

Neema (22), wakala wa pesa Makoroboi. Floti ni ya mjomba.

Mama Kulwa, mwenye nyumba. Tusimfanye katili, naye anadaiwa ada ya mjukuu. Wenye nyumba wakorofi runingani wametosha.

MTIRIRIKO
1. Neema anamkopesha Shija laki 4 za floti, "mpaka Ijumaa tu, kaka." Shija ananunua dagaa, anaanika.

2. Mvua. Tunakaa na tukio hili dakika saba: Shija na Kabula wanazoa dagaa kwa mikono, turubai linapeperuka, hakuna anayesema neno. Waliolowa wanaishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

3. Mwezi umewaka. Mjomba anapiga simu: anakuja kukagua.

4. Sehemu ya Kabula. Bondo, kifuko cha hewa cha sangara, lina bei kuliko minofu yenyewe, na mwenzake anamnong'oneza:
"Buti hawakagui."
"Na wakikagua?"
"Utasema limedondokea humo."
Kamera inabaki kwenye buti mpaka getini.

5. Mjomba anatoka Sengerema. Enzi za kivuko, foleni ingewapa muda wa kuhangaika. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, halimcheleweshi. Anafika kabla hela haijatimia. Kabula anatoa bahasha na hasemi imetoka wapi.

6. Giza linarudi, kodi inalipwa. Neema ananyang'anywa kibanda. Shija anauza mkataba wa pikipiki ili amrudishie pesa, na Neema anazipokea bila kumsamehe.

UPIGAJI PICHA
Matukio ya ziwani tutayachukua kwa wavuvi halisi wakiwa kazini, kwa hiyo ratiba ifuate mwezi. Mkitupangia tarehe za mbalamwezi, tutakuta mitumbwi imepandishwa ufukweni na wavuvi wamelala.