Masahihisho ya barua pepe ya Rehema ya kukataa nafasi ya kazi

Mdogo wangu Rehema,

Nimeisoma rasimu yako mara kadhaa. Ninainukuu hapa kama ulivyoiandika, kisha nimeweka ile niliyoisahihisha, ili uzione zote mbili kabla ya kutuma.

Rasimu yako:

«Kwa Bi. Zuhura, natumai u mzima. Nashukuru sana kwa nafasi ya Mhasibu Msaidizi mlionipa. Samahani sana, uamuzi huu haikuwa rahisi, ila kwa sasa nadhani labda sitaweza kujiunga na nyinyi kwa sababu nimepata sehemu nyingine yenye mshahara mzuri kuliko wenu. Mkuu wa idara alinielezea kazi vizuri na nilipenda. Samahani tena kwa kuwapotezea masaa yenu. Naomba mnisamehe na natumaini tutafanya kazi siku za mbeleni. Rehema.»

Baada ya kusahihishwa:

Yah: Nafasi ya Mhasibu Msaidizi

Mpendwa Bi. Zuhura,

Nimepokea barua yako ya tarehe 14 Machi, na ninakushukuru kwa dhati, wewe na wenzako, kwa nafasi ya Mhasibu Msaidizi mliyonipa. Baada ya kuitafakari kwa makini, nimeamua kutoipokea, kwa kuwa nimekubali kazi nyingine inayohusu zaidi ukaguzi wa hesabu, fani ninayokusudia kuiendeleza.

Uamuzi huu haukuwa rahisi, hasa kwa kuwa mkuu wa idara alinieleza kwa kina, wakati wa usaili, jinsi timu yake inavyofunga hesabu za kila mwezi. Tafadhali mfikishie shukrani zangu kwa muda alionipa.

Ninawatakia kila la heri katika kumpata anayefaa, na nitafurahi iwapo tutapata fursa ya kufanya kazi pamoja siku zijazo.

Kwa heshima,
Rehema

Badiliko kubwa kuliko yote ni lile la «nadhani labda sitaweza». Ninafahamu uliandika hivyo ili usimkwaze, lakini Bi. Zuhura akiisoma sentensi hiyo hatajua kama umekataa, kama unasitasita, au kama unasubiri aongeze mshahara, na atalazimika kukuandikia tena kukuuliza jambo ambalo tayari umekwisha kuliamua. Kwa hiyo nimeweka shukrani kwanza, kisha kukataa kwa maneno ya wazi, na adabu nimeiacha ibebwe na namna ya kusema.

Kuhusu mshahara, nimeuondoa kabisa. Kuwaambia kuwa wenzao wanalipa vizuri zaidi kunawaumiza bila faida, au kunafungua mlango wa majadiliano ambayo huyataki. Sababu ya ukaguzi nimeiandika kwa kuwa uliniambia mwenyewe kwamba ndiyo iliyokuvutia zaidi. Kama isingekuwa kweli, ningekushauri usitaje sababu yoyote, kwa maana hulazimiki kuitaja.

Umeomba radhi mara tatu katika barua fupi kama hii. Hukumkosea mtu: uliitwa kwenye usaili, ukaenda, ukajibu kwa uaminifu. Mahali pa radhi zote hizo nimeweka shukrani moja inayotaja jambo mahususi alilokufanyia mkuu wa idara, maana sifa ya namna hiyo huaminika kuliko «vizuri na nilipenda».

Katika sarufi, zingatia upatanisho: nafasi ni «mliyonipa», si «mlionipa», na uamuzi «haukuwa» rahisi, si «haikuwa». «Masaa» hutumika sana katika mazungumzo, ila katika maandishi rasmi wingi wa saa hubaki saa. Hapa hata hivyo neno «muda» limetosha. Tena umemsalimu mtu mmoja kwa «u mzima», kisha ukaendelea kwa «mlionipa» pasipo kueleza wengine ni nani. Ndiyo maana nimetaja «wewe na wenzako» mapema. Mengine ni madogo na utayaona mwenyewe.

Sentensi yako ya uamuzi kutokuwa rahisi nimeibakiza, nikarekebisha upatanisho na kuiongezea sababu, na matumaini yako ya kufanya kazi nao baadaye nimeyabakiza pia, ila kwa maneno mengine. Hayo yametoka moyoni mwako na yanasikika hivyo.

Barua yao inakutaka ujibu kabla ya Ijumaa. Tafadhali itume leo, ukijibu moja kwa moja kwenye ile barua pepe yao ili kumbukumbu zikae pamoja, kwa sababu huenda yupo msailiwa mwingine anayesubiri nafasi hiyo hiyo, na kila siku unayochelewa ni siku anayokaa bila kujua hatima yake.

Dada yako,
Mwanaidi