Mkunga wako: ninavyofanya kazi na familia

Mimi ni mkunga mwenye leseni. Kwa zaidi ya miaka 10 nimekuwa nikifuatana na wajawazito tangu kliniki ya kwanza, nikiwa nao chumba cha kujifungulia, kisha nyumbani hadi mtoto afikishe wiki 6. Kabla ya ukunga nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwa na begi lenye kipimajoto, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, vidonge vya zinki, pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini na daftari. Kazi ile sikuiacha, niliingia nayo kwenye ukunga.

Huko nyumba kwa nyumba ndiko nilikojua kwamba sare peke yake haimfanyi mtu akuamini. Mama anakutazama kwanza: umemsalimia nani, umekaa wapi, umebisha hodi au umejiingilia tu. Halafu anakuuliza jambo dogo, na siku kadhaa anasikiliza kama litamrudia kupitia kwa jirani. Akishaona halikutoka ndipo anakueleza linalomsumbua kweli. Kwa hiyo unachoniambia kinabaki kwangu na kwenye faili lako. Mama mkwe akiniuliza majibu ya vipimo vyako, nitamwambia kwa heshima akuulize wewe. Mume wako naye vivyo hivyo.

Ukunga niliusomea kwa miaka 3, darasani na wodini. Tulifundishwa kupima kimo cha mimba, kupapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, kusikiliza mapigo ya moyo wake, kufuatilia uchungu kwa chati iitwayo patografu, kuzalisha, kushona palipochanika, na kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Hili la mwisho nalipa uzito wa pekee. Mtoto wa namna hiyo anakaushwa, anafunikwa apate joto, anasuguliwa mgongo, na asipoitika anaanza kupewa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika 1 haijaisha. Muda huo hautoshi kutafuta barakoa kabatini. Ndiyo maana nikiingia zamu, kabla sijavaa hata aproni, nakagua meza ya mtoto: mfuko unasukuma hewa, barakoa zote mbili zipo, ile ya kichanga wa kawaida na ile ya njiti, nguo kavu zimekunjwa, taa ya joto inawaka. Wenzangu wameshanizoea, na wengi nao sasa hufanya hivyo hivyo.

Nina mafunzo ya nyongeza ya dharura za uzazi na ya kulea watoto njiti kwa njia ya kangaroo, ngozi kwa ngozi kifuani. Kila mwaka tunarudia mazoezi kwa pamoja: damu nyingi, kifafa cha mimba, mabega ya mtoto kukwama. Tunafanya kwa sauti, mmoja akitaja dawa na kipimo, mwingine anarudia kabla ya kuchoma. Kutokwa na damu nyingi ndicho kisababishi kikuu cha vifo vya uzazi duniani, na humpata hata mama ambaye mimba yake yote ilikwenda vizuri. Kwa hiyo kila ninayemzalisha namchoma oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10, mara tu mtoto anapotoka, na damu inayotoka tunaipima. Hatukisii kwa macho, kwa sababu macho mara nyingi huona pungufu.

Kuhusu kliniki, Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Ukiweza kuja mapema, njoo. Ukichelewa, njoo hivyo hivyo. Aliyefika na mimba ya wiki 28 hakuja kugombezwa. Ukimgombeza leo hatarudi tena, na presha yake itapanda hakuna anayeiona. Mimi nitakupima presha kila unapokuja, na ikifika 140 kwa 90 au zaidi nitairudia, nitaangalia mkojo, na nitakueleza nilichokiona kabla hujainuka kwenye kiti. Kadi ni yako, na yaliyoandikwa humo una haki ya kuyaelewa. Niulize hata kama foleni ni ndefu.

Wakati wa uchungu niko upande wako. Nitakuomba ruhusa kabla ya kukupima njia, na nitakuambia mlango wa uzazi umefunguka kiasi gani. Utatembea, utakunywa maji, utachuchumaa au kulala kwa ubavu, vyovyote mwili utakavyotaka, maadamu wewe na mtoto mko salama. Ukitaka mtu wako akushike mkono, nafasi ipo. Sipigi mama anayejifungua wala simtukani, na sikai kimya akifanyiwa hivyo mbele yangu. Naliandika hili wazi kwa sababu nimewasikia wanawake wengi mno wakisema walichokiogopa zaidi chumba cha uzazi ni mdomo wa mhudumu, uchungu ukafuata.

Mkishatoka wodini, mtaniona nyumbani. Mama na mtoto hukaguliwa ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya siku ya 2 na ya 3, tena katika wiki ya 2, na wiki ya 6. Nikifika nanawa mikono, nawasalimu wenyeji, halafu naanza na mama. Wageni wote wamemkimbilia mtoto, na yeye hajaulizwa hali yake tangu asubuhi. Napapasa tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza na unashuka. Nauliza damu inatoka kiasi gani na ina harufu gani, naangalia rangi ya ulimi na viganja, naangalia kama shavu la mguu mmoja limevimba na linauma. Nauliza kama amekwenda haja bila shida, swali ambalo wengi huona aibu kulianzisha wenyewe.

Kisha nakaa chini nimtazame mtoto akinyonya, tangu anaposhika titi hadi aliachie mwenyewe. Hapo siharakishi. Nataka kuona mdomo umefunguka wote, kidevu kimegusa titi, mashavu hayabonyei, na nisikie akimeza. Chuchu ikiwa imepasuka, mara nyingi tatizo ni namna mtoto alivyokamatishwa. Tunamtoa taratibu kwa kidole pembeni ya mdomo, tunamgeuza tumbo lake liangalie tumbo la mama, tunaanza upya. Nimewaona akina mama walioambiwa hawana maziwa wakishangaa kusikia koo la mtoto likigugumia dakika chache baadaye. Miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hayahitaji, na mama anayefanikiwa hilo kwa kawaida ni yule aliyesaidiwa wiki ya kwanza.

Mtoto namhesabia pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi nahesabu tena, na zikibaki hivyo tunaondoka kwenda hospitali muda huo huo. Naangalia kitovu, macho, ngozi kama ina manjano, na kama anaamka mwenyewe kudai titi. Chanjo zake tunazipangia tarehe kabla sijaaga.

Nauliza pia kuhusu moyo wa mama. Kulia siku ya 3 au ya 4 huwapata wengi na hupita. Kulia hadi wiki ya 3, kukosa usingizi hata mtoto anapolala, kuwaza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila wewe, huo ni ugonjwa na una tiba. Haukuja kwa uvivu wala kwa upungufu wa imani. Niambie bila kuogopa. Sitakunyang'anya mtoto. Nitakaa na wewe, nitakuunganisha na mtaalamu, na nitarudi kuuliza.

Kuna dakika chache nitakazoomba tuwe wawili tu, hata kama mmezoea kukaa wote. Kila mama namuuliza faraghani kama yuko salama nyumbani. Simshuku mtu. Nauliza wote ili aliye hatarini asionekane amechaguliwa.

Akina baba nawaomba waje kliniki na wakae ndani, wasiishie kwenye benchi la nje. Baba anayejua dalili za hatari hasubiri kikao cha ukoo usiku wa manane. Na bibi zetu nawaheshimu sana. Wamelea, na mengi wanayoyajua ni ya kweli. Jambo likiwa na madhara, kama kupaka kitu chochote kwenye kitovu ambacho mhudumu hakukuelekeza, nakaa na bibi mwenyewe na kumweleza sababu. Sipiti mgongoni kwake. Mara nyingi yeye ndiye anakuwa mlinzi wa kitovu hicho baada ya hapo.

Naijua mipaka yangu. Sifanyi upasuaji, na ujauzito wenye matatizo makubwa ni wa daktari. Nikiona jambo limenizidi, napiga simu hospitali kabla hujatoka, naandika barua ya rufaa inayoeleza nilichokiona na dawa niliyokupa, na pale inapowezekana naongozana nawe. Kukuandikia rufaa si kukutupa. Ukirudi, utanikuta.

Nawatembelea pia waliotoka hospitali mikono mitupu. Mama aliyempoteza mtoto bado anatoka damu, bado presha yake inaweza kupanda, na maziwa huja hata kama hakuna wa kuyanyonya. Hakuna aliyemwandaa kwa hilo la maziwa. Nakwenda, nampima kama mzazi mwingine yeyote, namwonyesha namna ya kupunguza maumivu ya matiti, na kama mtoto alipewa jina, namtaja kwa jina lake. Nyumba hizi watu huziepuka kwa kukosa la kusema. Mimi siziruki kwenye ratiba yangu.

Siku ya kwanza njoo na kadi ya kliniki kama unayo, dawa zote unazotumia hata za mitishamba, na tarehe ya hedhi ya mwisho, hata kwa kukadiria. Uje na yeyote unayemwamini. Tutakubaliana usafiri wa dharura utakuwa upi, nani atabaki na watoto wengine, na nani atakubali kutoa damu ikihitajika.

Usisubiri miadi ukiona damu yoyote wakati wa ujauzito, kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba ghafla, degedege, homa, maji yametoka, au mtoto amepunguza kucheza. Baada ya kujifungua, pedi kulowa kabisa ndani ya saa 1, homa, kushindwa kupumua vizuri au maumivu makali ya tumbo. Kwa kichanga, kukataa titi, kulegea, mwili wa moto au wa baridi, pumzi za haraka. Nenda kituo cha afya kilicho karibu moja kwa moja na nipigie ukiwa njiani, iwe mchana au usiku. Namba yangu imeandikwa nyuma ya kadi yako, na siku nisipokuwa zamu simu hiyo anaipokea mkunga mwenzangu, ambaye faili lako analo.